Shangazi, tangazo langu la jiko lasomwa lakini haliuzi

Shikamoo Shangazi. Mimi nauza majiko ya mkaa ya kisasa hapa Malindi, kibanda changu kiko karibu na soko. Jiko moja ni Sh 3,900. Nimeandikisha bango kubwa lisemalo: "JIKO LA KISASA! OKOA MKAA HADI ASILIMIA 60! HALINA MOSHI KABISA! LINDA MAPAFU YAKO, LINDA MISITU, LINDA DUNIA!" Maneno hayo hayo nayaweka kwenye status ya WhatsApp kila asubuhi.

Watu wanasoma, wanauliza bei, wanaguna, wanaondoka. Kisha hao hao nawaona jioni wakinunua mkaa wa mkebe Sh 80 pale kwa jirani yangu, leo mikebe miwili, kesho miwili. Mama mmoja aliyenunua amerudi kunilalamikia mbele za watu kwamba hiyo asilimia 60 hajaiona. Mwengine aliniuliza akipalia wali makaa atayatoa wapi, nikakosa jibu. Mume wangu ananiambia niteremshe bei, lakini nikiteremsha sipati hata nauli ya kuleta mzigo.

Nataka uniandikie tangazo linalouza. Nifute nini, niweke nini?

Muuza Majiko, Malindi

*

Marahaba mwanangu.

Tangazo nitakuandikia, lakini halitakuja kwanza. Kuna hesabu mbili lazima uzifanye kabla hujamwita mwandishi wa mabango, kwa sababu bango lako limeahidi mambo mawili usiyoyajua, na lile moja ambalo mteja alitaka kulijua halikulitaja.

Nianze na pesa. Wewe unadhani watu hawanunui kwa kuwa hawajaelewa wataokoa kiasi gani, ndiyo maana ukapandisha asilimia mpaka 60. Mwaka 2022 watafiti wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, walichapisha utafiti walioufanya Nairobi kwa kaya karibu 1,000 zinazopikia mkaa. Jiko walilolipima lilikuwa la kuokoa mkaa kama lako, likiuzwa kama dola 40. Kaya zilizolipata zilipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39, yaani jiko lilirudisha pesa yake ndani ya miezi michache tu. Hata hivyo walipopima watu wako tayari kulitolea kiasi gani, jibu lilikuwa dola 12. Wakajaribu kuwakalisha watu na kuwafanyia hesabu ya akiba ili waione vizuri. Nia ya kununua haikupanda. Kilichoipandisha ni mkopo. Mtu alipoambiwa alipe kwa muda, kiasi alichokuwa tayari kulipa kikazidi mara mbili.

Kwa hiyo yule mama anayeguna mbele ya kibanda chako si mjinga wa hesabu. Anajua vizuri kuliko wewe mkaa unavyomla. Hana Sh 3,900 kwa mkupuo mmoja, basi. Ana Sh 160 leo, na kesho Mungu akijaalia atakuwa na nyingine. Bango linalomwambia "okoa" linamwambia kitu anachokijua, halafu linamfichia kile anachokitafuta, nacho ni namna ya kulipa. Usiteremshe bei. Igawe.

Ila huwezi kuigawa vizuri mpaka ujue jiko lako linaokoa kiasi gani hapo Malindi, kwa sima, kwa wali wa nazi, kwa mbaazi, na kwa mkaa unaouzwa hapo. Hii ndiyo hesabu ya kwanza.

Tafuta nyumba tatu za watu unaowaamini. Moja iwe inapikia lile jiko la bati tupu, la pili iwe na jiko la bati lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, na la tatu iwe nyumba ya watu wachache inayonunua mkebe mmoja tu kwa siku. Azima mzani wa kuning'iniza, ule wanaopimia samaki unatosha. Nunua mkaa kutoka gunia moja, uwagawie wote, kwa sababu mkaa wa mgunga na mkaa mwepesi hauwaki sawa, na ukichanganya utakuwa unapima mti badala ya jiko. Hakikisha ni mkavu. Wakati wa masika mkaa unabeba maji, mzani unapanda, na sehemu ya moto inaishia kukausha mkaa wenyewe.

Sasa mpimie mama wa nyumba mkaa wake asubuhi, apike kama siku zote kwa jiko lake la zamani, jioni upime uliobaki. Fanya hivyo siku nne. Kisha mpe jiko jipya, umwache siku moja alizoee bila kupima, halafu pima tena siku nne. Makaa yanayobaki baada ya kupika yafunikwe ndani ya sufuria kuukuu yenye kifuniko mpaka yazime, nayo yapimwe pamoja na yaliyobaki, maana hayo hayajaliwa bado. Sufuria ziwe zile zile na walaji wale wale. Ikiwa katikati wameingia wageni, siku hiyo usiihesabu.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba ya jiko la bati imetumia kilo 6 kwa siku nne za mwanzo, na kilo 3.6 kwa siku nne za jiko jipya. Hiyo ni asilimia 40 imeondoka, na inakaribiana na walichokipata wale wa Nairobi. Lakini asilimia iache kwenye daftari lako, mteja haipiki. Igeuze iwe mikebe. Nyumba iliyokuwa ikinunua mikebe miwili kwa siku, yaani kumi kwa siku tano, sasa itanunua sita. Mikebe minne imebaki dukani kwa jirani yako na Sh 320 zimebaki kwenye leso ya mama. Kwa siku ni Sh 64, kwa wiki Sh 448.

Hapo ndipo bei yako inapata mgao wake, na hii ndiyo hesabu ya pili. Weka arbuni ya Sh 900, kisha Sh 300 kila wiki kwa wiki kumi. Jumla ni Sh 3,900 ile ile. Kila wiki mama anakulipa 300 kutoka kwenye 448 alizoacha kutumia, na bado 148 ni zake. Hakuna siku mfuko wake umekuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kabla ya jiko, isipokuwa ile siku ya arbuni. Mwambie hivyo hivyo.

Sasa angalia ile nyumba ya mkebe mmoja. Ikiwa nayo inaokoa kwa kiwango hicho, akiba yake ni Sh 32 kwa siku, Sh 224 kwa wiki. Ukimtaka Sh 300 kila wiki umemzidishia mzigo, na wiki ya tatu ataanza kukukwepa kwa kupitia njia ya nyuma. Huyo mpe Sh 200 kwa wiki 15. Pesa yako itachelewa lakini itakuja.

Na nyumba yenye jiko la udongo? Hapa, mwanangu, ndipo nadhani yuko yule mama aliyekuaibisha mbele za watu. Ile asilimia 40 ya mfano wetu ni ya nyumba ya jiko la bati tupu, ambalo joto lake jingi linapasha miguu ya mpishi. Jiko la udongo tayari linaokoa, kwa hivyo jiko lako likiwekwa kando yake tofauti inasinyaa. Kama vipimo vyako vitaonyesha kwamba ametoka mkebe mmoja na nusu kwa siku akashuka mkebe mmoja na robo, anaokoa Sh 20 tu kwa siku, na jiko lako litachukua zaidi ya miezi sita kujirudishia pesa. Mteja wa namna hii muulize mapema: "Kwako unapikia jiko gani?" Akisema la udongo na bado zima, mwambie ukweli kwamba faida yake ni ndogo, angoje udongo ule upasuke ndipo aje kwako. Utapoteza mauzo ya siku moja. Lakini jiko linakaa uani, majirani wote wanaliona na kuuliza habari zake, na jibu la mwenye nyumba ndilo tangazo lako la kweli.

Yawezekana pia mama yule hakuwa na jiko la udongo, ila analijaza hilo jipya mkaa mpaka juu kama alivyozoea. Hili ni kosa la karibu kila anayehama kutoka jiko la bati. Kifua cha jiko la kuokoa ni kidogo na kuta zake zinashika joto. Ukilijaza, moto unakuwa mkali kuliko sufuria inavyohitaji, na mkaa unateketea chakula kikiwa kimeshaiva. La pili ni mlango wa hewa wa chini. Maji yakichemka na maharagwe yakianza kutokota, mlango ule unatakiwa urudishwe ubaki wazi kiasi cha kidole. Wengi wanauacha wazi kutwa. La tatu ni kuacha makaa yajifie yenyewe baada ya chakula kuiva badala ya kuyafunika na kuyatumia tena jioni. Mfuate nyumbani kwake, umtazame akipika mara moja. Usimwambie kitu mpaka amalize kuweka mkaa. Ukiona amejaza, umepata jibu.

Sasa hilo la kupalia. Nimefurahi sana kwamba mtu amekuuliza, kwa sababu mwandishi wa matangazo wa Nairobi asingelijua kamwe. Mpishi wa Pwani anapika wali wa nazi, tui likikaribia kukauka anapunguza moto wa chini, anafunika, anaweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive juu na chini na kukauka punje kwa punje. Jiko la bati lina makaa tele ya kutoa. Lako lina machache, mama anaogopa wali utakuwa bokoboko.

Jibu liko ndani ya upishi wenyewe. Wakati wa kupalia ndio wakati ambao chini hutaki moto mwingi. Kwa hiyo tui likianza kutoa matobo juu ya wali, chukua koleo, inua sufuria, toa makaa manne matano mekundu uyaweke juu ya kifuniko, rudisha sufuria, funga mlango wa hewa karibu wote. Yaliyobaki chini yanatosha. Lakini maneno haya ukiyaandika kwenye bango hayamsaidii mtu, lazima ayaone. Chagua siku moja ya wiki, saa kumi jioni wakati watu wanapita kununua kitoweo, upike wali pale pale mbele ya kibanda, upalie, ufunue, uwape waonje. Jaribu nyumbani kwanza mpaka ujue makaa mangapi kwa sufuria yako, maana ukiunguza ukoko mbele ya wanawake wa Malindi itabidi ukauze majiko Mambrui.

Siku nyingine songa sima. Watu watataka kujua kama jiko linatulia mwiko ukizunguka. Kama linacheza, sema wazi kwamba kwa sima ya watu wengi lishikiliwe kwa mguu au litumiwe lile kubwa zaidi. Na muuza mahamri au viazi karai mwenye karai pana usimuuzie jiko dogo la nyumbani, hata akiwa na pesa taslimu mkononi. Karai litafunika midomo ya jiko, moto utakosa hewa, naye atakuja kukulalamikia kwa sauti kubwa kuliko yule wa kwanza.

Nije kwenye moshi, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Yale maneno "halina moshi kabisa" yafute leo. Usingoje bango jipya, chukua rangi uyapake. Mkaa ukishika moto vizuri ukawa mwekundu hautoi moshi mwingi wa kuonekana, hata kwenye jiko la bati, na moshi mwingi unaouona unatoka wakati wa kuwasha, hasa watu wanapowashia mifuko ya plastiki na makumbi mabichi. Lakini makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi ya kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri macho wala koo, ndiyo maana inaua watu waliolala. Jiko lako huenda likaitoa kwa uchache kuliko la bati kwa sababu linakula mkaa mchache, lakini halikuacha kuitoa. Sasa fikiria mtu aliyesoma bango lako akaliamini. Usiku wa mvua ya masika, chumba kimoja, watoto wanatetemeka, jiko "halina moshi kabisa." Atalifanyia nini? Ataliingiza ndani na kufunga dirisha.

Dalili zake wafundishe wateja kwa mdomo unapowakabidhi jiko: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Kinachoitofautisha na homa ni kwamba inawashika waliomo chumbani wote kwa wakati mmoja, na wakitoka nje kupata hewa wanaanza kupata nafuu. Wakiona hivyo jiko litolewe nje, milango ifunguliwe, na aliyezidiwa apelekwe hospitali bila kungojea asubuhi.

Na "linda mapafu"? Wale watafiti wa Nairobi walirudi miaka kadhaa baadaye wakapima hewa wanayovuta watu wale wale. Wakakuta kwamba wakati wa kupika, pale moshi unapopanda zaidi, wenye jiko la kuokoa walivuta moshi mchache sana kuliko wenzao, na wao wenyewe walisema kikohozi na matatizo ya kupumua yamepungua. Lakini vipimo kama shinikizo la damu havikubadilika, kwa sababu mtu haishi jikoni kutwa; hewa anayovuta saa nyingine zote za siku ni ile ile ya mtaa. Kwa hiyo unaruhusiwa kumwambia mama kwamba moshi anaovuta akipika utapungua na huenda kikohozi kikapungua, maana hilo limeonekana. Usimwambie kwamba mapafu yake yamelindwa, na mwenye pumu usimwambie hata siku moja kwamba jiko ni dawa. Tena ujue kwamba Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012 inayokataza kumuuzia mtu kwa maelezo ya uongo, kwa hiyo bango lile lilikuwa linakuweka wewe hatarini pia.

Anayetaka moshi upungue zaidi mpe namna ya kuwasha, haigharimu kitu. Aweke vifuu viwili vikavu vya nazi chini, mkaa juu, awashie uani upande upepo unakokwenda, afungue mlango wa hewa wote, na asiliingize jiko jikoni mpaka moshi mweupe wa mwanzo uishe na makaa yawe mekundu. Hapo sehemu kubwa ya moshi wa kuonekana imebaki nje, na macho yake yatajua tofauti kabla ya mapafu.

"Linda misitu, linda dunia" toa. Sisemi ni uongo. Mkaa mwingi unaofika hapo unatoka bara huko Magarini na Tana River, na miti inakatwa kweli. Lakini anayenunua mkaa wa Sh 80 hajaja kibandani kwako kununulia dunia jiko. Maneno manne yanakula nafasi ya mstari wa malipo.

Bango lenyewe basi liandikwe hivi, na tarakimu za mikebe na akiba ubadilishe ziwe zile utakazopata kwenye mzani wako, si hizi zangu za mfano:

JIKO LINALOJILIPIA KWA MKAA WAKO
Arbuni Sh 900, kisha Sh 300 kwa wiki, wiki 10. Bei ni Sh 3,900 tu, polepole au taslimu. Hakuna riba.
Ulikuwa ukipikia jiko la bati na kununua mikebe 10 kwa siku tano? Sasa utanunua 6.
Moshi wa jikoni unapungua. Washia nje, pikia penye hewa, usilale nalo ndani.
Njoo Alhamisi saa kumi jioni uone wali wa nazi ukipikwa na kupaliwa.

Malipo yametangulia makusudi. Nimeweka "hakuna riba" kwa sababu Malindi hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa ukitaja kulipa polepole, na bei moja kwa wote inalimaliza. Maneno "jiko la bati" yamo ili mwenye jiko la udongo asije akadhani ahadi ile ni yake. Na ule mstari wa kuwashia nje usiuogope kwamba utafukuza watu. Mama anayesoma onyo la kweli kwenye bango anaanza kuyaamini na maneno mengine yaliyo juu yake.

Kwenye status ya WhatsApp usiweke bango zima. Siku moja weka sauti yako ukisema mstari wa malipo tu, siku nyingine picha ya mkaa wa siku tano umepangwa mafungu mawili chini, moja la mikebe kumi na jingine la mikebe sita. Siku ya Alhamisi weka video fupi ya kifuniko kikifunuliwa. Watu wanaotazama status hawasomi.

Kuhusu mkopo wenyewe, nenda taratibu. Ukiwapa watu kumi kwa pamoja, Sh 30,000 zako ziko mitaani na mzigo mpya hujaununua. Anza na watano, na wawe wanachama wa chama kimoja wanaojuana, mmoja akichelewa wenzake wanamkumbusha. Pokea kwa M-Pesa ili kila malipo yawe na kumbukumbu kwako na kwake. Kisha tazama kalenda ya mji wenu. Kusi likivuma wavuvi hawaendi baharini kila siku, na masika yakiingia hoteli zinapunguza wafanyakazi. Anayekuja kuchukua jiko mwezi wa nne muulize kazi ya nyumba yao ni nini, umpangie malipo madogo miezi hiyo na makubwa zaidi watalii wakirudi. Mdeni aliyepangiwa hivyo hakimbii.

Jirani yako muuza mkaa, naye usimfanye adui. Kila mteja unayemtaka anapita kwake kila jioni. Mpe kitu kidogo kwa kila mtu atakayemleta, na umwombe kibao kidogo ukining'inize hapo penye mikebe. Akikuambia unamwondolea wateja, mkumbushe kwamba hao sasa wataweza kununua mkaa hata siku ambazo zamani walikuwa wakikopa kwake bila kulipa.

Jiko lenyewe likishatoka dukani, hewa ya bahari inakula bati upesi. Mwambie kila mnunuzi alitoe majivu kila siku, asilimwagie maji likiwa na moto hata kama ana haraka, maana udongo wa ndani ukipata maji ya baridi unapasuka, na usiku aliingize mahali pakavu makaa yakishazimika kabisa. Kama una vipuri vya udongo wa ndani weka viwili vitatu kibandani, na bei yake uitaje tangu siku ya kwanza. Yule mama aliyelalamika mfuate wiki hii, kabla ya kubadilisha bango. Ukikuta ana jiko la udongo na hajaridhika, lirudishe lako umpe pesa yake mbele ya wale wale waliokuwepo.